Shangazi anaishi peke yake Buruburu: simu yake nitaipangaje?

*"Shangazi yangu ana miaka 78, anaishi peke yake Buruburu. Mimi niko Nakuru. Mwezi jana aliteleza bafuni akakaa sakafuni hadi jirani alipomsikia akiita. Nimemnunulia Samsung na nataka mambo mawili: akibonyeza, simu initafute mara moja; na kila siku imkumbushe kunijulisha kuwa yuko salama. Nianzie wapi?" – Msomaji, Nakuru*

Pole kwa yaliyompata shangazi. Anzia kwenye hilo jambo lako la pili. Kitufe cha dharura ni cha mtu anayeweza kukibonyeza, na siku ile huenda shangazi asingeweza, kama simu haikuwa naye bafuni. Aliyezirai, aliyepigwa na kiharusi, aliyeanguka simu ikiwa juu ya meza ya sebuleni, wote hao hawabonyezi chochote. Kinachowaokoa ni mtu wa upande wa pili kugundua kwamba leo hawajasikika. Kwa hiyo simu utakayoipanga kwa makini zaidi ni yako wewe. Ya shangazi itakuwa na kazi ndogo tu.

Hiyo kazi ndogo iwe kufleshi. Watu wa umri wake wanajua kufleshi kuliko wanavyojua apu yoyote: piga, iite mara mbili, kata. Haihitaji bando wala kusoma maandishi madogo, na laini inabaki na salio lake. Fungua saa ya simu yake, weka kengele mbili za kila siku, moja saa mbili asubuhi na nyingine saa mbili usiku, na kila moja uipe jina litakaloonekana kwenye kioo ikilia: "MFLESHI WANGU NAKURU". Weka mlio ambao hautumiki kwa kitu kingine chochote kwenye simu hiyo. Halafu weka nambari yako kama njia ya mkato kwenye skrini ya mwanzo, picha yako ikionekana, ili akiigusa mara moja simu ianze kupiga. Kwenye Samsung na Android nyingi unaipata njia hiyo ukikandamiza nafasi tupu ya skrini, ukafungua `Widgets`, ukachagua ile ya `Contacts` ya kupiga moja kwa moja.

Kwa nini mara mbili kwa siku? Piga hesabu. Tuseme anafleshi saa mbili asubuhi pekee, na dakika kumi baadaye anaanguka. Hutajua hadi kesho yake asubuhi, yaani karibu saa 24. Ukiongeza ile ya usiku, muda mrefu kabisa unaoweza kupita bila wewe kujua ni saa 12 na kidogo. Tofauti hiyo si ndogo kwa mzee. Kukaa sakafuni muda mrefu bila kuinuka humkausha maji mwilini, na misuli iliyokandamizwa huanza kuharibika na kutoa sumu inayoelemea figo. Hata pale mfupa haukuvunjika, mtu anaweza kulazwa kwa sababu ya sakafu peke yake. Zaidi ya mara mbili sikushauri. Mara tatu au nne shangazi ataona anachungwa kama mtoto, ataanza kuruka, na ukimya wake hautakuambia kitu tena.

Chagua saa pamoja naye, na zifuate mazoea yake. Kama huwa ameshakunywa chai kufikia saa moja na nusu, iwe hapo. Kama Jumapili huwa kanisani mapema, kengele ya Jumapili iwe na saa yake.

Sasa simu yako. Njia rahisi ni kujiwekea kengele ya saa mbili na robo yenye maneno "Shangazi amefleshi?" Inafanya kazi wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo, kwa sababu inalia kila siku hata shangazi akiwa mzima, kidole kitajifunza kuizima kabla macho hayajasoma. Nimeona familia kadhaa zikiishia hapo. Kinachofaa ni kengele inayonyamaza siku zote ambazo amefleshi na kulia siku ile tu ambayo hakufleshi. Saa ya kawaida ya simu haiwezi hilo, lakini apu ya Android inayoitwa MacroDroid inaweza, na toleo lake la bure linatosha. Inafanya kazi kwa kanuni fupi fupi: jambo fulani likitokea, fanya hivi. Utaandika kanuni tatu:

```
1  Trigger:    Call Incoming (Shangazi)
   Action:     Set Variable  leo = True

2  Trigger:    Day/Time 08:15 na 20:15
   Constraint: leo = False
   Action:     Play/Stop Sound

3  Trigger:    Day/Time 05:00 na 17:00
   Action:     Set Variable  leo = False
```

Maana yake ni hii. Kanuni ya kwanza inasikiliza simu kutoka kwa nambari ya shangazi. Ikiingia, inaandika kwamba leo amesikika. Chagua `Call Incoming` badala ya ile ya simu zilizokosekana, kwa sababu siku utakayopokea na mkaongea isingehesabika. Kanuni ya pili inachungulia saa mbili na robo, asubuhi na usiku. Ikikuta hajasikika, inalia. Kanuni ya tatu inafuta rekodi alfajiri na jioni ili hesabu ianze upya. Hicho kitu kinachoitwa `leo` unakiunda wewe mwenyewe, kiwe `Global` ili kanuni zote tatu zikione, chenye majibu mawili tu, ndiyo au hapana.

Apu itakuomba ruhusa ya kuona simu zinazoingia. Bila hiyo haifanyi kitu. Kisha nenda kwenye mipangilio ya betri ya simu yako, uiruhusu MacroDroid ifanye kazi bila kizuizi, yaani `Unrestricted`. Hapa ndipo mipango mingi hufia kimya kimya, hasa kwenye Tecno na Infinix, ambazo huzima apu za nyuma kwa ukali ili kuokoa chaji. Utajuaje kama imezimwa? Mwambie shangazi siku moja asifleshi makusudi, na wewe upunguze sauti ya muziki hadi mwisho. Saa mbili na robo ikipita bila mlio, ama betri imeiua apu, ama sauti inatokea kwenye mkondo wa muziki uliouzima badala ya ule wa kengele. Rudia jaribio hilo kila mara simu inapopata toleo jipya la mfumo.

Kama unatumia aifoni, MacroDroid haipo. Baki na ile kengele ya kawaida, lakini uigawane na mtu mwingine, wewe asubuhi yeye usiku, na kila mmoja aandike "amesikika" kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Aliye zamu asipoandika, wengine wataona.

Imelia. Sasa nini? Hili ndilo swali ambalo simu hailijibu, na wewe uko Nakuru, zaidi ya kilomita 150 kutoka Buruburu. Andikeni ngazi ya hatua mapema. Saa mbili na robo unampigia yeye mara mbili. Asipopokea, saa mbili na dakika ishirini na tano unampigia jirani wa ukuta mmoja, agonge mlango na aite dirishani. Jirani asipopatikana, unampigia mtu wa pili aliye umbali wa kutembea kwa miguu: mlinzi wa geti la korti, mwenye duka la karibu, mzee wa kanisa lake. Ndugu anayeishi Kitengela mwenye gari si ngazi ya kwanza wala ya pili, hata kama ndiye mnayempenda zaidi. Asubuhi ya siku ya kazi atakuwa bado yuko foleni Mombasa Road.

Yule wa umbali wa miguu lazima aweze kuingia. Nyumba nyingi za Nairobi zina mlango wa mbao na mbele yake grili ya chuma, na usiku mwenyewe hufunga grili kwa kufuli kutoka ndani. Jirani anaweza kufika kwa dakika tatu, kisha akasubiri fundi wa kuchomelea aje akate chuma. Nunua kufuli yenye funguo tatu na hakikisha inafikiwa kwa mkono kutoka nje ya grili. Ufunguo mmoja akae nao jirani pamoja na ule wa mlango. Halafu mwambie shangazi asiache ufunguo wake ndani ya kitasa usiku, kwa sababu kwa vitasa vingi ufunguo ulioachwa upande wa ndani unazuia wa nje kuingia. Autundike msumarini.

Nikupe mfano wa familia moja niliyoipangia hivi, mama yao akiwa Umoja. Asubuhi moja hakufleshi. Binti akapiga, akakutana na ile sauti ya "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa". Akampigia jirani, jirani akamkuta mama anamwagilia sukuma wiki uani. Tokeni za stima zilikuwa zimeisha usiku, simu ikafa chaji kabla ya mapambazuko, na kengele ikafa nayo. Wengine wangesema mpango umefeli. Mimi nasema ulifanya kazi sawasawa: ndani ya dakika kumi na tano mtu alikuwa amemwona mama kwa macho. Walichobadilisha ni kwamba sasa binti ndiye anayenunua tokeni kwa M-Pesa, Paybill 888880, nambari ya mita ikiwa ndiyo akaunti, na kumtumia mama meseji ya tokeni, kazi aliyoiweka kwenye ratiba yake ya mwisho wa mwezi. Pia mama alikubali kumshirikisha mahali alipo kwenye Google Maps. Si kwa ajili ya kumfuatilia, maana mama hatoki sana, bali kwa sababu ramani hiyo inaonyesha pia kiwango cha chaji ya simu ya anayeshirikisha. Ukiona asilimia 9 saa tatu usiku, unapiga na kumkumbusha achomeke. Hii inataka simu yake iwe na bando, na yeye awe amekubali kwa hiari.

Sasa kile kitufe. Kwenye Samsung ya shangazi fungua `Settings`, kisha `Safety and emergency`. Majina hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo, ila sehemu hii ipo. Anza na `Emergency contacts`, uweke watu watatu: wewe, jirani mwenye ufunguo, na mtu mmoja zaidi aliye Nairobi. Kisha ingia `Emergency SOS` uiwashe. Akibonyeza kitufe cha pembeni mara tano kwa haraka, simu itahesabu sekunde chache ikitoa nafasi ya kughairi, halafu itapiga nambari uliyoichagua na kuwatumia wale watatu meseji yenye kiungo cha mahali alipo.

Nambari ya kupigwa isiwe 999. Mwaka 2023 polisi wa Uingereza walilazimika kuwaonya watu hadharani baada ya simu za Android kuwapigia kimya kimya kutoka mifukoni na mikobani, kwa sababu ya kitufe hiki hiki. Simu ya shangazi itakaa kwenye mfuko wa aproni na itajibonyeza siku moja. Ni afadhali ikupigie wewe au jirani bure kuliko kuchosha polisi. Sehemu ya kubadilisha nambari iko humo humo ndani ya `Emergency SOS`. Mimi ningeweka ya jirani, maana wewe meseji itakufikia. 999 na 112 apige mtu aliye naye pale nyumbani, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapatikana kwa 1199. Nambari hizo ziandikwe kwa kalamu nene, zibandikwe nyuma ya mlango.

Ile meseji ya dharura ni meseji ya kawaida. Kama laini haina salio wala bando la meseji, haitoki, na hakuna atakayejua kuwa haikutoka. Mnunulie kredo ya shilingi 50 na mkubaliane haiguswi. Uliza pia kama ana deni la Okoa Jahazi, kwa sababu kredo utakayoweka italipa deni kwanza. Hata kufleshi kunahitaji laini iwe na kitu. Kama simu ina laini mbili, chagua moja iwe ya simu na meseji daima, usiiache ikiuliza kila mara, kwa kuwa wakati wa dharura hakuna wa kuijibu. Na ukikuta kipengele cha kuambatisha picha au sauti kwenye meseji ya dharura, kizime. Ujumbe wenye picha unahitaji data na mara nyingi hukwama njiani.

Kiungo cha ramani nacho usikitegemee kupita kiasi. Ndani ya nyumba ya mawe simu hukadiria, na alama inaweza kuangukia korti ya jirani. Wale watatu wawe na maelezo ya nyumba kwa maneno kwenye simu zao: ni Phase gani, korti gani, geti la rangi gani, kona baada ya nini. Dereva wa ambulensi atayaelewa hayo haraka kuliko ramani.

Humo humo kuna `Medical info`. Jaza dawa anazotumia, maradhi na mzio, kisha ruhusu yaonekane skrini ikiwa imefungwa. Mtu yeyote akigusa neno la dharura kwenye kioo atayasoma bila nywila. Usiweke nambari ya kitambulisho wala kitu chochote cha M-Pesa hapo.

Kabla hujarudi Nakuru, waambie wale watatu kuwa mnajaribu, halafu mwachie shangazi abonyeze mwenyewe. Wewe usimshikie simu. Angalia vidole vyake. Ikiwa ana maumivu ya viungo, mibonyezo mitano ya haraka inaweza kumshinda, na simu itaona ni kuwasha na kuzima kioo tu. Akishindwa mara tatu, usimlazimishe. Mtafutie kabambe ya wazee, ile yenye kitufe kikubwa cha SOS mgongoni. Zinauzwa kwenye maduka ya simu katikati ya jiji. Akikisukuma, inapiga king'ora na kuzipigia nambari ulizoingiza moja baada ya nyingine hadi ipokelewe. Ina mtego mmoja: nambari ya kwanza ikiwa na voisimeili, simu inadhani imepokelewa, inaacha kutafuta wengine, na shangazi anabaki akiongea na mashine. Zimeni voisimeili kwa wote walio kwenye orodha. Chaji yake hudumu siku kadhaa, na anaweza kuitundika shingoni kwa kamba hata akienda bafuni, mahali ambapo simu kubwa huachwa nje. Kengele za kufleshi zinawekwa humo pia.

Simu yako nayo ikiwa kwenye kimya usiku, haya yote hayakufikii. Mwekee shangazi na jirani nyota kwenye orodha ya majina, kisha usiku tumia `Do Not Disturb` badala ya kimya cha kawaida, na ndani yake ruhusu simu na meseji kutoka kwa wenye nyota. Kwenye aifoni, fungua jina lake, bonyeza `Edit`, ingia `Ringtone`, washa `Emergency Bypass`, na ufanye hivyo tena upande wa `Text Tone`.

Na mwambie kila mpokeaji wa meseji hizo sheria moja: meseji ya dharura hujibiwa kwa kupiga simu na kwa jirani kwenda mlangoni, kamwe si kwa kutuma pesa. Matapeli wanajua vizuri sana kuandika "nimeanguka, tuma haraka kwa nambari hii ya daktari".

Mengine utayaona ukiwa naye. Jumamosi mnayoweka haya, kaa naye hadi kengele ya saa mbili usiku ilie, na umwache aishughulikie bila kumwelekeza. Akiuliza "nibonyeze wapi?", ile picha yako kwenye skrini bado ni ndogo.